Upasuaji wa Kifafa: Kumbukumbu Hupimwa Kabla ya Kisu

Si kila kifafa humwangusha mtu chini. Kipo kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo kando ya kichwa, karibu na sikio. Mgonjwa hukodoa macho, hutafunatafuna bila chakula mdomoni, hupapasa nguo, kisha akizinduka hakumbuki lolote. Dawa mbili zilizochaguliwa vyema na kumezwa ipasavyo zikishindwa kukizuia, daktari anaweza kumtuma mgonjwa achunguzwe iwapo sehemu hiyo inaweza kuondolewa. Upasuaji huu umewahi kufanyiwa wagonjwa hapa Afrika Mashariki, katika Hospitali ya CURE mjini Mbale, Uganda.

Manufaa yake ni makubwa. Katika utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka wa 2001, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa na mishtuko ya kupoteza fahamu baada ya mwaka mmoja, ilhali kwa waliobaki na dawa pekee ni asilimia 8. Hata hivyo, ndani ya sehemu hiyo hiyo kuna hipokampasi, kiungo kidogo kinachohifadhi mambo mapya. Tunazo mbili, kushoto na kulia. Mwaka wa 1953 Mmarekani Henry Molaison aliondolewa sehemu kubwa ya zote mbili. Mishtuko ilipungua, lakini hadi alipofariki mwaka wa 2008 hakuweza kujiwekea kumbukumbu mpya za maisha yake. Ndiyo maana siku hizi hukatwa upande mmoja tu, tena baada ya kuhakikisha kwamba ule mwingine unafanya kazi.

Kwa watu wengi, upande wa kushoto ndio unaoshughulikia maneno: majina, maagizo, habari tulizosikia. Karibu watu wanne kati ya kumi wanaopasuliwa upande huo hupungukiwa na kumbukumbu ya maneno. Swali ni nani kati yao.

Jibu huwashangaza wengi: aliye hatarini zaidi ni yule mwenye kumbukumbu nzuri. Tuchukue mfano wa kubuni wa watu wawili wenye kifafa cha upande wa kushoto. Mmoja ni mkulima wa Othaya aliyepata degedege utotoni, na mishtuko ikaanza akiwa na miaka 6. Picha ya MRI inaonyesha hipokampasi yake ya kushoto imesinyaa na kuwa na kovu. Mwingine ni mwalimu wa Karatina ambaye mishtuko ilimwanza akiwa na miaka 29, na picha yake haina kasoro.

Mwanasaikolojia anamsomea kila mmoja maneno 15 mara tano, na kila mara anamwomba ayataje. Baada ya kama nusu saa ya kazi nyingine anamwuliza tena. Mkulima anakumbuka manne, mwalimu kumi na mawili. Hipokampasi ya mkulima ilikwisha kuacha kazi yake, kwa hivyo ikiondolewa huenda hasipoteze mengi, na kovu lile linaongeza tumaini kwamba mishtuko itakoma. Ya mwalimu bado inafanya kazi. Akikatwa anaweza kushindwa kukumbuka majina ya wanafunzi wapya, na uwezekano wa kupona kwake ni mdogo kuliko wa mkulima. Huenda akashauriwa kujaribu dawa nyingine kwanza. Anaweza pia kuamua kupasuliwa akijua gharama yake, kwa sababu mishtuko isiyodhibitiwa nayo hudhoofisha kumbukumbu, na wakati mwingine huua.

Hapa ndipo kosa dogo huwa kubwa. Tuseme maneno yale 15 yalisomwa kwa Kiingereza kwa mama anayeongea Gĩkũyũ nyumbani na sokoni. Atakumbuka machache, na karatasi itasema kumbukumbu yake ni duni, kwa hivyo hana cha kupoteza. Kumbe anacho. Alama ya chini isiyo ya kweli huficha hatari. Vivyo hivyo kwa aliyepimwa siku ya mshtuko, au anayetumia dawa inayopunguza kasi ya akili, kama vile fenobabitoni au topirameti. Ndiyo maana alama hulinganishwa na picha na umri wa kuanza kwa ugonjwa. Zikipingana, kipimo hurudiwa.

Ukipelekewa vipimo hivi, sema lugha unayoitumia kila siku, beba miwani yako, na utaje mshtuko wa mwisho ulikuwa lini. Usiache dawa ili "upate alama nzuri". Kuziacha ghafla kunaweza kuleta mishtuko mfululizo. Nenda na mtu wa nyumbani, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye anayejua unachosahau. Kabla ya kutia sahihi, muulize daktari mambo mawili: mishtuko yangu ina uwezekano gani wa kukoma, na katika kazi yangu nitakosa nini?