Umeuza shamba? Kagua hesabu ya kodi kabla hujalipa

Wiki hii tuweke mbolea na dawa pembeni. Kuna wenzetu wanauza shamba dogo ili wanunue kubwa, na hapo katikati kuna kodi ya faida ya mauzo ya ardhi. Wengi wanaambiwa kiasi, wanalipa, hawakagui. Leo tujifunze kukagua.

Kwanza hakikisha kama unadaiwa kabisa. Kwa sheria ya Tanzania, shamba lenye thamani ya soko chini ya milioni 10, na lililotumika kwa kilimo angalau miaka miwili kati ya mitatu kabla ya kuuzwa, halitozwi kodi hii. Likizidi hapo, mkazi wa Tanzania anatozwa asilimia 10. Lakini asilimia 10 ya nini? Ya faida, siyo ya bei. Hapo ndipo watu wanapopotea.

Tuchukue mfano. Kijana alinunua ekari sita kwa 24,000,000. Kupima, mwanasheria na hati vilimgharimu 1,400,000. Baadaye akachimba kisima kwa 9,000,000 na kuweka uzio wa kudumu kwa 3,200,000. Sasa ameuza kwa 48,000,000, na katika kuuza amemlipa dalali na mwanasheria jumla ya 2,400,000.

Akikaa na kaka yake wanapiga hesabu ya haraka: 48 toa 24, faida milioni 24, kodi 2,400,000. Hesabu hiyo imeacha gharama tatu nje. Ipange hivi:

Kununua: 24,000,000
Gharama za ununuzi na hati: 1,400,000
Maboresho (kisima na uzio): 12,200,000
Gharama za kuuza: 2,400,000
Jumla ya gharama: 40,000,000

Bei 48,000,000 toa 40,000,000, faida ni 8,000,000. Asilimia 10 yake ni 800,000. Tofauti na hesabu ya kaka ni 1,600,000, hela ambayo ingemsaidia kuanza kwenye shamba jipya.

Sasa angalia nini kinaingia kwenye maboresho na nini hakiingii. Kinachoingia ni kile kilichoongeza kitu kwenye ardhi na bado kipo siku unauza: kisima, uzio, ghala. Mbegu, mbolea, vibarua wa palizi na kuziba bomba lililopasuka ni gharama za uendeshaji za msimu, haziingii hapa. Nguvu zako mwenyewe pia hazina risiti, usiziwekee bei.

Kuna mtego mwingine kwa mnaoandaa hesabu za biashara kila mwaka. Kama kisima au uzio ulishaupunguza kwenye mapato yako kama uchakavu, huwezi kuutoa tena hapa. Gharama moja haitolewi mara mbili. Kijana wa mfano wetu hakuwahi kufanya hivyo, ndiyo maana ameuingiza wote. Ukiwa na hesabu za aina hiyo, kaa na mhasibu wako kwenye kipengele hiki.

Je, kama huna kumbukumbu za gharama? Hapo mkazi anatozwa asilimia 3 ya bei ya kuuzia, au ya thamani iliyoidhinishwa na mthamini, ile iliyo kubwa. Kwa 48,000,000 ni 1,440,000. Mlinganishe na mwenye kumbukumbu anayelipa 800,000: kukosa makaratasi kumemgharimu 640,000. Na hii siyo menyu ya kuchagua. Asilimia 3 ni ya asiye na kumbukumbu, siyo ya aliyeficha.

Hata ukipoteza risiti moja tu, utaumia. Tuseme ya kisima haionekani na gharama ikakataliwa. Faida inapanda kutoka milioni 8 hadi 17, kodi inakuwa 1,700,000. Kanuni rahisi ya kukumbuka: kila milioni moja isiyothibitishwa inakuongezea kodi ya laki moja.

Kwa hiyo ukipewa makadirio, usianze na kubishana. Uliza maswali manne: bei ya kununua ipo? Gharama za hati zipo? Maboresho yapo yote? Gharama za kuuza zimetolewa? Kisha zidisha faida kwa 0.10. Ukiona namba kubwa kuliko yako, tafuta ni gharama gani imeachwa, kisha peleka ushahidi wake TRA.

Fanya hivyo mapema, kwa sababu kodi hii hulipwa na muuzaji kabla ya umiliki kuhamishwa, na msajili wa hati hataandikisha uhamisho bila cheti cha TRA. Mnunuzi akikusubiri mlangoni, hutakuwa na muda wa kutafuta risiti ya kisima.

Leo jioni toa mkataba wa kununua shamba lako, weka kwenye faili moja na risiti za kila ulichojenga. Piga picha pia, maana risiti za EFD hufifia.