Kwenda na kurudi: kwa nini velositi inakuwa sifuri?

SWALI: Gari lilikwenda mji ulio umbali wa kilomita 120 kwa spidi ya kilomita 60 kwa saa, likarudi kwa kilomita 40 kwa saa. Nimepata wastani wa 50, lakini mwalimu anasema velositi ya wastani ni sifuri. Inawezekanaje, na gari lilitembea?

JIBU: Mwalimu yuko sahihi, na hiyo 50 nayo ina kasoro.

Tuanze na spidi. Kwenda kulichukua saa 2, kurudi saa 3. Jumla ya njia ni kilomita 240 kwa saa 5, hivyo spidi ya wastani ni kilomita 48 kwa saa. Ukijumlisha 60 na 40 kisha ukagawa kwa mbili, unachukulia kwamba gari lilitumia muda sawa katika kila spidi, kumbe lilikaa zaidi kwenye ile ndogo.

Velositi haiulizi umetembea kiasi gani. Inauliza umesogea umbali gani kutoka ulipoanzia, na kuelekea upande gani. Tuchukulie barabara imenyooka, na upande wa kwenda ni chanya: 60 × 2 = +120, kurudi −40 × 3 = −120. Jumla ni 0, na 0 ukigawa kwa saa 5 ni 0.

Sifuri hiyo haisemi kwamba gari lilisimama. Inasema tu kwamba lilimalizia pale pale lilipoanzia. Lilipofika mji wa pili, kabla ya kugeuza, velositi yake ya wastani ilikuwa kilomita 60 kwa saa.