Somo la sekretere wa koperative: nimero za simu kwa namna moja, bila kupoteza posti wala maelezo

Wandugu wa koperative, siku ile tulipopeleka mbegu za maharagi ku depo ya Iga-Barrière, tulikuwa tumetuma mesaji moja kwa wanamemba wote kutoka ordinatere ya biro yetu hapa Bunia. Wengi walikuja. Lakini mama mumoja alifika kesho yake na gunia tupu, mbegu zimekwisha. "Sikupata kitu mu simu," njo alisema. Tukafungua liste. Nimero yake ilikuwa pale, shifre zote ziko sawa, jirani angeipiga angempata. Ila ilianza na sufuri, bila indikatife ya inchi, na programu ya kutuma mesaji haikujua sufuri hiyo ni ya inchi gani.

Kulikuwa na papa mwengine: yeye alipata mesaji, lakini hasomi. Mu kaye ya zamani sekretere alikuwa ameandika pembeni "hasomi, mupige". Tulipohamisha liste mu ordinatere, sisi wenyewe tulifuta maneno yale juu tuliona yanachafua kolone ya nimero. Kosa lilikuwa letu. Kwa hiyo somo la leo liko na sehemu mbili zinazoenda pamoja: kusafisha nimero, na kulinda kile kilichoandikwa kando yake.

Namna moja ni ipi

Kuna kanuni ya dunia nzima inayoitwa E.164, iliyowekwa na shirika la kimataifa la mawasiliano, UIT, la Geneva. Inasema hivi: andika alama ya +, kisha indikatife ya inchi, kisha nimero ya mutu bila sufuri ya mbele. Hapana nafasi, hapana kistari, hapana nukta. Shifre zote pamoja haziwezi kupita 15.

Kwetu Kongo indikatife ni 243, na nyuma yake kunabaki shifre 9. Basi 0810 000 012 inakuwa +243810000012. (Nimero zote za somo hili ni za mfano tu, musizipige.) Sufuri ya mbele ni ya kupigia ndani ya inchi, ukishaweka 243, kazi yake imekwisha. Wengi wanaiacha na kuandika +2430810000012, na nimero hiyo haifiki kwa mutu.

Uganda ni 256 na shifre 9. Rwanda ni 250 na shifre 9. Sudani Kusini ni 211 na shifre 9. Hesabu ni rahisi: kwa inchi hizi zote, pamoja na yetu, lazima mupate shifre 12 nyuma ya alama ya +. Burundi ni 257 na shifre 8, kwa hiyo yao ni 11.

Kwanza gawanya, kisha safisha

Hapana kuanza kwa kufuta. Chora kolone tano, mu kaye ao mu ordinatere: jina, nimero kama ilivyoandikwa, nimero safi, posti, maelezo. Kolone ya pili haiguswi kamwe. Ni ushuhuda. Siku mutakapoona mumekosea, mutarudi pale.

Tuchukue mistari mitano inayofanana na ile tunayokuta mu kaye zenu:

```
1. 0810 000 012 (hasomi, mupige)
2. 00243 990-000-034 / 0777 000 056 Arua
3. +243 0 850 000 078 simu ya mtoto, jioni tu
4. 0414 000 012 posti 23, munuzi wa kahawa, Kampala
5. 0910 000 090, Ingbokolo
```

Mustari wa 1 ni mwepesi. Sufuri inatoka, 243 inaingia: +243810000012. Maneno "hasomi, mupige" yanaenda mu kolone ya maelezo, yote, bila kufupishwa.

Mustari wa 2 uko na nimero mbili za mutu mumoja. Hapa tunafanya mistari miwili, jina linaandikwa mara mbili. Ya kwanza inaanza na 00, ambayo kwetu ni njia ya kupiga inje ya inchi. 00 inakuwa +, na tunapata +243990000034. Ya pili inaanza na 07. Hapa muwe na akili: Uganda, Rwanda, Kenya na Tanzania wote wako na nimero za mkononi zinazoanza na 07. Shifre peke yake haiwezi kutuambia ni inchi gani. Kinachotuambia ni neno "Arua". Mutu huyu anavuka mupaka kuuza muhogo na ametia karte ya Uganda. Basi ni +256777000056. Kama neno hilo lingefutwa mapema, nimero ingebaki kitendawili. Tena tunaliacha mu maelezo: "karte ya Uganda, Arua".

Muangalie pia nimero zilizonakiliwa kutoka kwa watu wa Uganda. Kule, njia ya kupiga inje ni sufuri tatu. Mukiona 000243, sufuri zote tatu zinatoka kabla ya kuweka +.

Mustari wa 3 uko na ile sufuri iliyobakia katikati. Tunaitoa: +243850000078. Maelezo yanabaki: "simu ya mtoto, jioni tu".

Mustari wa 4 ni simu ya biro, si ya mkononi. Ukipiga, unafika ku mapokezi, kisha unaomba posti 23. Posti si sehemu ya nimero ya kimataifa. Nimero ni +256414000012, na 23 inaenda mu kolone yake. Tumeona liste fasi mutu aliondoa neno "posti" na nafasi, zikashikana: +25641400001223. Hesabu shifre: ziko 14, wakati Uganda inataka 12. Kosa hilo linajionyesha lenyewe kwa mutu anayehesabu. Mu simu nyingi munaweza kuhifadhi +256414000012,23 na koma: simu inapiga, inangoja kidogo, kisha inatuma 23. Hiyo inafaa kama anayejibu ni mashine. Kama ni mutu, mutamuomba kwa mdomo. Lakini mu liste, koma haina fasi.

Mustari wa 5 unadanganya. Nimero za mkononi za Kongo zinaanza na 08 ao 09, kwa hiyo mukono unataka kuandika 243 mara moja. Lakini Ingbokolo iko territware ya Aru, karibu na Sudani Kusini, na kule pia nimero za mkononi zinaanza na 09. Kama mutu anafanya biashara ya upande ule, +243910000090 na +211910000090 zote mbili zinaweza kuwa nimero nzuri, ila za watu wawili tofauti. Hapa hatukisii. Tunaandika "kuuliza" mu maelezo, nimero safi inabaki wazi mpaka tumpate mwenyewe ao jirani yake.

Kwa wale wenye ordinatere

Excel iko na tabia mbaya na nimero za simu: inafikiri ni hesabu. Ukiandika 0810000012, sufuri inapotea. Ukiandika +243810000012, alama ya + inapotea, na shifre 12 zinaweza kuonekana kama 2,4381E+11. Ukihifadhi hivyo kama CSV, shifre za mwisho zimekwenda moja kwa moja. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kitu chochote, chagua kolone B na C, weka muundo wa `Texte`.

Ukishatenga kwa mukono nimero mu C, posti mu D na maelezo mu E, weka mu F2 fomula hii ya kuondoa nafasi, kistari na nukta. Kolone F, G na H zibaki `Standard`, la sivyo fomula itaonekana kama maandishi tu.

```
=SUBSTITUE(SUBSTITUE(SUBSTITUE(C2;" ";"");"-";"");".";"")
```

Mu G2 tunajenga nimero ya kimataifa:

```
=SI(GAUCHE(F2;1)="+";F2;
SI(GAUCHE(F2;2)="00";"+"&STXT(F2;3;20);
SI(OU(GAUCHE(F2;2)="08";GAUCHE(F2;2)="09");
"+243"&STXT(F2;2;20);"ANGALIA")))
```

Na mu H2 tunahesabu: alama ya + na shifre 12 zinafanya 13.

```
=SI(NBCAR(G2)=13;"sawa";"ANGALIA")
```

Mustari wa 3 utaandikwa "ANGALIA" juu ya sufuri ya katikati. Posti iliyoshikana na nimero pia, na 000243 pia. Kila 07 itaandikwa "ANGALIA", na hivyo njo tunataka: mutu asome maelezo na kuandika mwenyewe +256 ao +250 mu C. Burundi pia itaonekana, hata kama iko sawa. Lakini mustari wa 5 utapita na "sawa", juu fomula haijui mupaka uko wapi. Watu wa Aru muwaangalie kwa macho kabla ya kuvuta fomula chini.

Nimero moja, majina mawili

Nyuma ya kusafisha, mutaona nimero zinazorudia. Ile 0810 000 012 na ile 00243 810 000 012 sasa ni kitu kimoja. Kama jina pia ni moja, unganisha mistari, lakini kusanya maelezo ya pande zote mbili kwanza. Kama majina ni mawili, hapana kufuta: mu vijiji vingi simu moja inatumikia mama, shemeji na jirani. Ukifuta mumoja, umemtoa mu liste ya mbegu. Andika kwa wote wawili "simu ya pamoja na…".

Kile somo hili haliwezi kufanya

Nimero iliyoandikwa vizuri si lazima iwe ya mutu yule. Karte iliyopotea ao iliyokaa muda mrefu bila kutumika inaweza kupewa mutu mwengine. Kwa hiyo, kabla ya mugawo, pigieni mistari yote, ulizeni jina, kisha andikeni mu maelezo tarehe mulioipata. Asiyejibu mara mbili, atumiwe habari kwa mdomo kupitia kiongozi wa kikundi chake.

Na wale wenye maandishi "hasomi, mupige", muwatoe mu liste ya mesaji na kuwaweka mu karatasi ya mutu wa kupiga. Yule papa wetu, mara hii tulimpigia siku mbili mbele. Alikuwa wa tatu ku mulango wa depo.