Sachi safi haitoshi: soma kadi ya kijani kabla ya kulipia ploti

Dada yangu mdogo alipopata ploti ya hamsini kwa mia kaskazini ya Mombasa, broka alimletea karibu kila kitu anachoulizia mnunuzi wa mara ya kwanza. Nakala ya hatimiliki ilikuwapo. Kitambulisho cha muuzaji kilikuwapo, na matokeo ya sachi yalionyesha jina lilelile, bila rehani wala zuio. Bei nayo ilikuwa ya mpaka Ijumaa tu. Mabroka wa namna hii siwapendi kabisa, kwa sababu ardhi iliyo safi Ijumaa huwa safi Jumatatu pia.

Sachi aliyoletewa aliiweka kando, akaomba yake mwenyewe kwa namba ya ploti. Nayo ikatoka safi. Wengi huishia hapo na kutoa arubuni.

Lakini sachi hujibu swali moja tu: leo daftari la ardhi limeandika jina la nani? Haisemi jina hilo liliingiaje. Jibu hilo limo kwenye kadi ya kijani, yaani ukurasa wa ploti hiyo ndani ya daftari lenyewe, na mnunuzi au wakili wake anaweza kuomba nakala yake iliyothibitishwa katika ofisi ya msajili wa ardhi. Ina sehemu tatu. Sehemu ya A inaeleza ploti na ukubwa wake, na huko ndiko unakoona kama imemegwa kutoka shamba kubwa. Sehemu ya C inabeba mizigo, kama vile mikopo. Ya kusomwa kwa kidole, mstari kwa mstari, ni sehemu ya B, inayopanga wamiliki wote kwa tarehe na kuonyesha kila mmoja alipata vipi.

Kwenye kadi ile, sehemu ya B ilikuwa na mistari miwili tu. Wa kwanza ulikuwa wa mzee mmoja aliyeandikishwa miaka mingi iliyopita. Wa pili ulikuwa wa muuzaji, aliyehamishiwa ploti mwezi Machi mwaka jana, kwa kununua. Dada akainakili tarehe ile, akarudi shambani bila broka.

Jirani aliyekuwa akipalilia mihogo alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akamwambia, "yule mzee tulimzika mwaka juzi, kabla ya masika. Mimi mwenyewe nilishika jembe."

Basi karibu mwaka mzima baada ya kuzikwa, mzee alikuwa ameandikwa kuwa ametia saini ya kuuza. Kwa sheria ya Kenya, mwenye ardhi akifa, mali yake hushikwa na msimamizi wa mirathi, na ardhi haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi huo. Njia hiyo huacha alama: kati ya jina la marehemu na la mnunuzi utaona mstari wa msimamizi au wa warithi. Hapa haukuwapo. Muuzaji alipoulizwa hati ya mahakama aliacha kupokea simu, na dada hakuwa ametoa hata shilingi.

Kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa inaonyesha kwa nini historia hii ina uzito. Kampuni hiyo ilinunua ardhi ufuoni Nyali mwaka 2006 na kupata hati kwa jina lake. Mgao wa kwanza ulikuwa wa mwaka 1989, kwa Rais wa wakati huo, Daniel arap Moi. Mwaka 2017 kaunti ilibomoa ukuta, ikisema ardhi ile ilikuwa eneo la wazi la umma. Aprili 2023 Mahakama ya Upeo iliamua kwamba mgao wenyewe haukufuata sheria, hivyo hati iliyozaliwa nao haikuweza kumlinda mnunuzi, hata kama alilipa. Sachi ya siku ya kununua isingetosha kufichua hilo. Kwa ardhi iliyotoka serikalini, wakili atafute barua ya mgao na ramani ya mipango iliyotangulia barua hiyo.

Hayo mengine ni mepesi zaidi. Nunua ramani ya eneo kwenye ofisi ya upimaji, kisha mpe kazi mpimaji mwenye leseni akuonyeshe mawe ya mipaka. Usimchukue yule anayeletwa na muuzaji. Kama mwenye ploti ana mke au mume, uliza ridhaa ya mwenza. Na kama ni ardhi ya kilimo, kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi kiombwe ndani ya miezi sita tangu kuandikiana mkataba, la sivyo mauzo yenyewe ni batili.

Sasa dada amepata ploti nyingine, ya mjane aliyerithi kwa mumewe. Kadi yake ina mistari mitatu, na wa katikati ni wa usimamizi wa mirathi, wenye namba ya kesi. Wakili amekwenda mahakamani na namba hiyo kulisoma faili, na arubuni iko kwenye akaunti ya wakili mpaka atakaporudi.