Kabla ya Kuacha Kemia: Kuchagua Masomo ya Gredi ya 10 Bila Kujifungia Milango

Mjadala wa Gredi ya 10 katika nyumba nyingi huanza na jina la shule. Mzazi anauliza kama kuna bweni, karo ni kiasi gani, na iko umbali gani kutoka nyumbani. Masomo matatu ambayo mtoto atayasoma kwa miaka mitatu huandikwa mwisho, wakati mwingine usiku wa kuamkia siku ya kurudisha fomu. Hayo matatu ndiyo yanayostahili kujadiliwa kwanza.

Mwanafunzi wa sekondari pevu husoma masomo saba. Manne ni ya lazima: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na Huduma kwa Jamii. Matatu yaliyosalia anayachagua kulingana na mkondo wake: STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Hisabati yenyewe si moja. Mwanafunzi wa STEM husoma Hisabati kamili, huku mikondo mingine ikiwa na toleo jepesi. Kwa hiyo uamuzi wa mkondo ni uamuzi wa Hisabati pia, hata kama fomu haikufanyi ulifikirie hilo.

Tuchukue mfano wa binti wa Gredi ya 9 anayependa mifugo na kompyuta, lakini bado hajui kama atakuwa muuguzi, mhandisi au mwalimu. Anataka Biolojia, Kilimo na Masomo ya Kompyuta. Yote ni masomo mazuri, nayo yako ndani ya STEM. Je, yanamwachia nini?

Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, nao watamaliza Gredi ya 12 mwaka wa 2028. Kipimo tulichokizoea ni kile ambacho KUCCPS imekitumia kwa watahiniwa wa KCSE. Udaktari na uuguzi vimekuwa vikidai Biolojia na Kemia, kisha Hisabati au Fizikia, pamoja na lugha. Uhandisi umekuwa ukidai Hisabati, Fizikia na Kemia. Ukiziweka orodha hizo mbili kando kwa kando, utaona kwamba Kemia imo katika zote. Binti wetu, kwa kuacha Kemia, amefunga hospitali na karakana ya uhandisi kwa mkupuo mmoja, na hakukusudia.

Sasa tubadilishe somo moja tu. Akiondoa Kompyuta na kuweka Kemia, anabaki na Biolojia, Kemia na Kilimo. Mlango wa uuguzi na udaktari unafunguka, kwa sababu pale palipoandikwa “Hisabati au Fizikia” anayo Hisabati. Uhandisi bado umefungwa, maana hana Fizikia. Akitaka na huo, itabidi achukue Biolojia, Kemia na Fizikia, na Kilimo akifuate nyumbani kwa mbuzi wa babake.

Wazazi wengi wakifika hapo husema, basi, wote wachukue sayansi tatu. Mimi sikubaliani nao. Kozi hizi hudai gredi, si jina la somo kwenye cheti. Mwanafunzi anayepata alama duni katika Fizikia ana mlango ulioandikwa “wazi” ambao hawezi kuupita, na saa alizopoteza humo zingempandisha katika Kemia. Dalili huonekana mapema: mwulize mwalimu wa Sayansi Jumuishi ni sehemu gani zinazomtatiza mtoto, za umeme na nguvu au za viumbe, na uangalie tathmini zake za shuleni kwa mihula kadhaa, si mtihani mmoja. Anayeelea kwenye viumbe na kuzama kwenye umeme atafaidi zaidi na Biolojia, Kemia na somo la tatu analoliweza.

Sayansi tatu nazo hufunga milango yake. Anayetaka kufundisha Historia au Jiografia anahitaji kuwa amelisoma somo hilo, na Muziki hauwezi kuanzwa chuoni kutoka sifuri. Sheria ni tofauti kidogo: imekuwa ikitazama sana Kiingereza au Kiswahili, ambavyo kila mmoja anavisoma, kwa hivyo mwanafunzi wa sayansi hajajiondoa.

Kabla ya kuandika jina la shule, omba orodha ya michanganyiko inayofundishwa humo, kwa kuwa si kila shule ina mikondo yote mitatu. Kisha uliza maswali mawili ambayo orodha haiyajibu: je, mwalimu wa Fizikia au Kemia yupo sasa hivi, na wanafunzi huingia maabara mara ngapi kwa wiki? Mkuu wa shule akijibu la pili kwa kukuonyesha jengo tu, rudia swali.