Kitambi cha Baba Mdogo

Likizo iliyopita nilitumwa buchani, jirani na soko la Tandale. Kwenye mbuzi aliyening'inizwa niliona mafuta ya aina mbili: yale membamba yaliyotanda juu ya nyama, pale ngozi ilipochunwa, na mengine meupe, mazito, yaliyofunika figo na kushikana na utumbo. Wanachuo wenzangu, binadamu naye ana yote mawili.

Nyumbani nikachukua futi ya fundi cherehani. Baba mdogo ana kilo 70 na urefu wa sentimita 168, kwa hiyo kwenye chati ya uzito na urefu anaonekana yuko sawa. Miguu myembamba, ila kitambi kigumu kama ngoma. Kiuno chake: sentimita 101. Shangazi ana kilo 74 na urefu wa sentimita 160, chati inasema amezidi. Lakini unene wake uko kwenye nyonga na mapaja, na kiuno ni sentimita 79.

Mtaani wanamwambia shangazi apungue, baba mdogo wanamsifia kuwa mambo yake safi. Wamekosea mtu.

Sababu ni njia ya damu. Damu ya eneo la utumbo hupita kwanza kwenye ini kabla ya kurudi kwenye moyo. Mafuta ya ndani humwaga asidi zake kirahisi kwenye njia hiyo. Ini likizidiwa huyafunga mafuta hayo na kuyarudisha kwenye damu, huku insulini ikianza kushindwa kazi na sukari kupanda. Mafuta haya pia hutoa kemikali zinazochokoza kuta za mishipa. Taratibu mishipa inayolisha moyo inajaa utando. Ukipasuka, damu huganda hapo na moyo unakosa hewa. Mafuta ya nyonga yenyewe hukaa kama akiba ghalani, na hayana njia hiyo ya moja kwa moja kwenda kwenye ini.

Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walitoa majibu ya wanawake 15 wanene walionyonywa takriban kilo 10 za mafuta ya chini ya ngozi ya tumbo. Wiki kadhaa baadaye presha na utendaji wa insulini vilikuwa vilevile. Kilichotolewa hakikuwa chenye kesi.

Ukitaka kujipima, weka futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, usibane tumbo. Hatari huanza sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Au kiuno kisizidi nusu ya urefu wako. Nusu ya baba mdogo ni 84. Futi haitenganishi mafuta ya ndani na ya nje, hiyo ni kazi ya skana, lakini inatosha kukustua.

"Shikamoo baba, twende tukapime presha," nilimwambia. Akacheka, akashika kitambi: "Hii ni afya, mwanangu." Zahanati ikasoma 158 kwa 96. Hakucheka tena. Siku hizi anatembea kwa miguu hadi Manzese kila asubuhi, na dawa anameza.