Lowesha Kabla ya Kukata: Namna Pamba, Kitani na Sufu Zinavyonywea

Suruali ya kitani iliyoshonwa kwa kipimo sahihi huweza kumkaa mtu vizuri siku ya kwanza, kisha ikafuliwa na kurudi kutoka kwenye kamba ikiwa imeacha vifundo vya miguu wazi. Mwenye suruali humlaumu fundi, fundi humlaumu muuza kitambaa, na muuzaji husema nguo imefuliwa vibaya. Mara nyingi kitambaa si kibovu wala kipimo cha fundi hakikukosewa. Kilichokosekana ni kukilowesha kitambaa kabla ya mkasi kukigusa.

Sababu yake huanzia kiwandani. Nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa jora, yaani mtande, huvutwa kwa nguvu wakati wa kufuma, na kitambaa chenyewe huvutwa tena kinapotiwa rangi, kukaushwa na kupigwa pasi. Kikiwa kikavu hubaki katika hali hiyo ya kuvutwa. Maji yanapoingia, nyuzi za pamba na kitani hufura, mvuto ule huachia, nazo hujirudia katika hali yake ya kawaida. Ndiyo maana watu husema nguo imeruka au imerudi, na ndiyo maana vitambaa vingi hupungua zaidi kwa urefu kuliko kwa upana wa mshindio. Pamba au kitani ambacho hakikushughulikiwa kiwandani huweza kupungua kwa asilimia 3 hadi 5, na kilichofumwa kwa ulegevu huweza kupita hapo. Vipo vitambaa vilivyonywezwa kiwandani kwa mashine, kwa njia iliyobuniwa na Mmarekani Sanford Cluett karibu na mwaka 1930. Hivyo hupungua kidogo sana, lakini kwa macho huwezi kuvitofautisha na vingine vilivyopangwa dukani.

Njia ya uhakika ni kupima. Tandaza kitambaa bila kukivuta, kisha, mbali kidogo na kingo, tia alama za mraba wenye sentimita 50 kila upande kwa uzi wa rangi tofauti. Chaki haifai kwa kazi hii, kwa kuwa itaondoka na maji. Fua, kausha, piga pasi, halafu pima tena. Tuseme upande wa mtande sasa ni sentimita 48, na upande wa mshindio ni 49 na nusu. Kitambaa kimepungua asilimia 4 kwa urefu na asilimia 1 kwa upana. Suruali yenye urefu wa sentimita 104 ingepoteza zaidi kidogo ya sentimita 4, ilhali paja lenye mzunguko wa sentimita 66 lisingepoteza hata sentimita 1. Kwa hiyo kiuno kingeendelea kufunga vizuri na miguu ingekuwa mifupi, jambo ambalo humfanya mteja aamini kwamba fundi alikosea urefu.

Hesabu hiyo hiyo hukuonesha kiasi cha kununua. Ikiwa fundi anahitaji mita 2.5 za kitambaa kilichokwisha kunywea, gawanya 2.5 kwa 0.96, utapata mita 2.6 na ushei. Nunua 2.7, maana kingo zitapunguzwa kidogo baada ya kufuliwa.

Kwa pamba na kitani, kanuni ni kukifua kitambaa kama utakavyolifua vazi lenyewe. Ukikilowesha kwa maji baridi leo na kesho ukaifua nguo kwa maji ya moto, sehemu ya kunywea bado inakungoja. Kwanza pitisha cherehani kwa mshono wa zigizaga kwenye kingo zote mbili zilizokatwa, la sivyo nyuzi zitachomoka na kufungamana. Jaribu rangi kwa kukandamiza kitambaa cheupe chenye maji juu ya pembe moja. Kikichukua rangi, fua peke yake. Kisha lowesha kwa muda wa nusu saa katika beseni kubwa, kitambaa kikiwa kimelegea, kwa sababu kitani kikikunjwa na kubanwa ndani ya maji hubaki na mistari ambayo pasi haiiondoi kwa urahisi. Fua kwa sabuni ya kawaida, suuza, na usikamue kwa kusokota. Anika kivulini, kingo zikiwa zimenyooka, na kitani ukipige pasi kingali na unyevu kidogo. Pamba iliyofumwa kwa ulegevu ifuliwe mara mbili, kwani haimalizi kunywea mara ya kwanza.

Maji hufichua jambo jingine pia. Baadhi ya vitambaa hutiwa wanga mwingi ili vionekane vizito dukani. Wanga ukitoka, kitambaa hulegea na pengine huonesha mwanga. Ni afadhali kuligundua hilo kabla ya kulipia ushonaji. Na ikiwa vazi litakuwa na bitana ya poliesta, kumbuka kwamba bitana hiyo hainywei: gauni la pamba likipungua sentimita 4 baadaye, bitana itachungulia chini ya pindo.

Sufu ni habari tofauti. Unywele wa kondoo umefunikwa na magamba madogo, mfano wa magamba ya samaki. Ukikutanisha maji, joto na msuguano, magamba hayo hushikana na hayaachani tena. Utaitambua hali hiyo pale mistari ya ufumaji inapopotea na kitambaa kuwa kinene na kigumu. Hakuna pasi wala dobi atakayekirudisha. Kwa hiyo kitambaa cha suti kisiingizwe katika beseni la maji ya moto. Hata hivyo kinahitaji kunywezwa, kwa sababu pasi ya mvuke ya fundi itakinyweza tu, na itafanya hivyo kipande kwa kipande baada ya kukatwa.

Mafundi wa suti wana njia ya zamani na salama. Lowesha shuka safi nyeupe ya pamba, uikamue hadi isidondoshe tone, uitandaze juu ya sufu, kisha uviringishe vyote pamoja kama mkeka. Funika kwa nailoni usiku kucha. Asubuhi fungua, ondoa shuka, na uache sufu ikauke ikiwa imelazwa juu ya meza au mkeka, mbali na jua. Usiitundike, kwani uzito wa unyevu utaivuta upya. Mwisho pitisha pasi juu ya kitambaa chembamba cha pamba, ukiinua na kushusha badala ya kusugua.

Limebaki suala la haki yako kwa muuzaji. Pima urefu wa kitambaa siku uliyokinunua, kabla ya kukilowesha, kwa kuwa baadaye hutaweza kuthibitisha kwamba ulipunjwa. Kama unanunua kingi, kwa mfano cha sare za familia, anza kwa kununua sentimita 70 tu na ufanyie jaribio la mraba. Muuzaji aliyekuhakikishia kwamba kitambaa hakirudi anapaswa kuambiwa matokeo, na malalamiko yako yatakuwa na nguvu zaidi ukifika na risiti, kipande kilichofuliwa chenye alama, na kingine cha jora hilo hilo ambacho hakijaguswa na maji wala mkasi.